Kutafsiri leseni ya madini na masharti ya mazingira bila kupoteza wajibu, kona wala tarehe

Sharti la 14 kwenye karatasi niliyoletewa niikague lilisomeka hivi: "Mwenye leseni hatalazimika kutiririsha maji ya mwalo kwenye mto au korongo lolote." Aliyetafsiri hakuwa mzembe. Alikuwa ameshaandika "atalazimika" mara kumi na tatu kwenye masharti ya juu, na alipofikia katazo mkono wake ukafanya kilichozoeleka, ukaweka *ha-* mbele. Hapo katazo likageuka ruhusa. Mchimbaji halazimiki kutiririsha mtoni maji yale ya kuoshea mchanga wa dhahabu, lakini akipenda, atiririshe.

Kosa hilo halionekani ukilisoma haraka, maana sentensi ni Kiswahili safi. Ndivyo yalivyo makosa karibu yote ya kazi hii: sarufi imetimia, ila namba au amri imehama.

Mfano nitakaoutumia ni wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa kusini wa mji wa Geita. Wana leseni ya uchimbaji mdogo, ile ambayo migodini watu huiita PML, na wana cheti cha mazingira cha plenti yao ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa sayanaidi. Tangu mwaka 2021 lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, lakini mafaili ya migodini bado yamejaa karatasi za Kiingereza, hasa leseni za zamani na viambatisho vilivyoandikwa na washauri wa mazingira. Kikundi kinataka kujua kinadaiwa nini, na mwenyekiti wa kijiji anataka nakala yake. Namba za kona na tarehe za mfano huu nimezitunga mwenyewe, ila mitego yake ni ya kweli.

Hatua ya kwanza: orodhesha amri kabla ya kutafsiri chochote

Usianze na ukurasa wa kwanza. Anza kwa kuyatafuta maneno yanayobeba wajibu na muda, uyaone yote kwa pamoja. Kama una maandishi kwenye faili la kawaida, amri hii itakutolea kila mstari unaohusika pamoja na namba yake:

```
grep -nEwi "shall|must|may|within|until|unless|prior|by" masharti.txt
```

Kama amri za namna hii si zako, tafuta neno mojamoja kwenye programu unayoandikia, au chapa karatasi uzipitie kwa kalamu ya rangi. Kisha chora jedwali la safu tano: namba ya sharti, nani anawajibika, afanye au asifanye nini, lini, na kwa nani. Jedwali hili si tafsiri, na mteja halioni. Ni la kwako, na ndilo litakalokuokoa mwishoni.

Ukilijaza utagundua kwamba baadhi ya masharti hayana "nani". Imeandikwa tu kwamba ufuatiliaji wa maji ya visima utafanyika kila baada ya miezi mitatu. Ni kazi ya kikundi, ya mwenye plenti aliyekodishwa, au ya mshauri? Usimtafutie mtu. Kiswahili kina kauli ya kutendwa inayolimudu hilo bila shida: "ufuatiliaji wa maji ya visima utafanyika." Pengo liandike pembeni kama swali la kumpelekea Afisa Madini Mkazi au ofisi iliyotoa cheti. Mfasiri anayeziba pengo kwa ukarimu anakuwa ametunga sharti jipya.

Hatua ya pili: chagua neno moja kwa kila nguvu ya amri

Katika Kiingereza cha leseni, `shall` na `must` ni amri, `may` ni hiari au mamlaka, na `shall not` ni katazo. Waandishi wa sheria zetu kwa Kiswahili mara nyingi hutumia *-ta-* peke yake kuonyesha amri: "Tume itatoa cheti." Mwanasheria analielewa hilo. Mchimbaji akisoma "mwenye leseni atafukia mashimo" anaweza kuliona kama utabiri, kwamba iko siku yatafukiwa. Kwa nakala itakayosomwa na kikundi mimi natumia "atatakiwa" au "ni lazima", halafu sibadilishi hadi ukurasa wa mwisho. Uzuri wa kubadilisha maneno tuuache kwenye hadithi. Hapa msomaji akiona maneno mawili tofauti ana haki ya kudhani ni amri mbili zenye uzito tofauti.

Katazo lipewe neno lake lenyewe, lisitengenezwe kwa kukanusha neno la amri. "Hatalazimika" na "hatatakiwa" yote mawili ni mitego. Tumia "hataruhusiwa" au "ni marufuku". Sharti la 14 linakuwa: "Mwenye leseni hataruhusiwa kutiririsha maji ya mwalo kwenye mto au korongo lolote." Ukimaliza kazi nzima, tafuta *hatalazim* na *hatatakiw* kwenye faili lako. Kila utakapoikuta, rudi kwenye chanzo uone kama kweli kilikusudia kumwondolea mtu wajibu. Mara chache ndivyo inavyokuwa, mara nyingi sivyo.

Hiari nayo ina ujanja wake. "Anaweza" ni uwezo wa misuli na ruhusa ya ofisi kwa pamoja. Pale mwenye leseni anapopewa ruhusa andika "anaruhusiwa". Pale ofisi inapopewa mamlaka, "Tume inaweza kusitisha leseni" inatosha na haina utata.

Kuna kifungu kimoja kinachokatwakatwa kuliko vyote, nacho ni kile kinachokataza jambo lisifanyike bila idhini ya maandishi iliyotolewa mapema. Nimekiona kikitafsiriwa "bila idhini", basi. Yamepotea mambo mawili: maandishi, na kutangulia. Kikundi kitakachopanua bwawa la topesumu kwa ruhusa ya mdomo, au kitakachoomba idhini baada ya kuchimba, kitakuwa kimetii tafsiri na kuvunja cheti. Andika yote: "bila idhini ya maandishi iliyotolewa kabla ya kazi kuanza."

Kwenye majina ya vitu, fuata yale yanayosemwa machimboni na maofisini: mwalo, duara, karasha, marudio, bwawa la topesumu, zebaki, mpango wa ufungaji mgodi. Angalia tu neno "ukaguzi", linalobeba mzigo wa watu wawili. Kuna ukaguzi wa mazingira unaofanywa kitaalamu na kuandikiwa ripoti, na kuna afisa kuja kutazama. Kama cheti kinataja vyote viwili, uite wa kwanza "ukaguzi wa mazingira" na wa pili "ukaguzi wa kutembelea eneo", na ueleze hivyo mwanzoni.

Sayanaidi nayo ina aina, na kipimo cha maabara hutegemea aina. Cheti kikisema kiwango kisizidi miligramu 50 kwa lita, mara nyingi mbele yake kutakuwa na herufi `WAD`, yaani sayanaidi inayoachika kwa asidi dhaifu. Hiyo si sayanaidi huru wala sayanaidi jumla. Ukiandika "sayanaidi" pekee, kikundi kitapeleka sampuli maabara, kitapimiwa kitu kingine, na majibu hayatalingana na sharti. Acha herufi zile mahali pake na uweke maelezo ya Kiswahili kando.

Hatua ya tatu: kona za leseni

Nasema hili kwanza kwa sababu ni la Kiswahili peke yake. Kaskazini na Kusini zote zinaanza na K. Mashariki na Magharibi zote zinaanza na M. Mfasiri anayetaka kila kitu kiwe cha kwetu anaibadilisha S kuwa K na E kuwa M, na hapo hapo leseni imepoteza nusu ya maana yake. Kona iliyo nyuzi 3, dakika 5 kusini ya ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 32 na dakika 20 mashariki, iko mkoani Geita. Ukiisoma K kama kaskazini, umefika Uganda, juu kidogo ya mji wa Gulu. Kwa hiyo kwenye jedwali herufi S na E zibaki zilivyo, na juu ya safu uandike kwa maneno kamili: "Latitudo (kusini mwa ikweta)" na "Longitudo (mashariki)".

Kona za mfano wetu ni hizi:

```
A  3°05'20" S   32°20'40" E
B  3°05'20" S   32°20'50" E
C  3°05'30" S   32°20'50" E
D  3°05'30" S   32°20'40" E
```

Leseni inasema eneo ni hekta 9.48.

Usizichape upya kwa kutazama. Kama chanzo ni faili, nakili na kubandika. Kama ni karatasi iliyoskaniwa, chapa, kisha kaa na mtu: mmoja asome chanzo kwa sauti, tarakimu moja moja, mwingine afuate kwenye tafsiri. Halafu mbadilishane, na safari hii muanzie kona ya mwisho kwenda ya kwanza. Jicho lililozoea mpangilio huona kinachotarajiwa, na kusoma kinyume kunaliondolea mazoea hayo.

Baada ya hapo pima eneo. Karibu na ikweta sekunde moja ni takriban mita 31 ardhini, iwe ya latitudo au ya longitudo. Kiwanja chetu ni sekunde 10 kwa sekunde 10, yaani kama mita 307 kwa mita 309, ambazo ni karibu hekta 9.5. Inalingana na leseni. Tuseme kwenye kona C na D umeandika 03 mahali pa 30, kosa la vidole tu. Upande mmoja sasa una sekunde 17, na eneo limeruka hadi hekta 16. Hesabu ya dakika mbili imekukamata kabla afisa hajakukamata.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Kama kosa limehamisha kona zote nne kwa pamoja, eneo linabaki lile lile na huoni kitu. Ndiyo maana lazima pia uzipandishe kona kwenye ramani na kuangalia kama zimeangukia kijiji kilichotajwa kwenye leseni. Kosa jingine linalojitokeza sana ni la kugeuza sekunde kuwa desimali kwa kuziunganisha. Mtu anaona 3°05'20" anaandika 3.0520. Sahihi ni 3, kujumlisha 5 kugawa kwa 60, kujumlisha 20 kugawa kwa 3600, na jibu ni 3.0889. Tofauti ya hizo mbili ardhini ni kilomita 4, na kona zote nne zimehama; sekunde 10 nazo zimekuwa nyuzi 0.0010, hivyo kiwanja kimesinyaa hadi karibu hekta 1.2.

Mfumo wa ramani ndio unaosahaulika zaidi. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na karatasi nyingi za madini zinautaja. Simu na jipiesi, usipozibadilisha, zinasoma WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa mifumo hiyo miwili zinaangukia sehemu mbili zilizoachana kwa kama mita 300. Kiwanja chetu kina upana wa mita 307. Maana yake, mstari mmoja mdogo chini ya jedwali ukiachwa kwenye tafsiri, kikundi kikatembea na simu kutafuta bikoni za mpaka, kinaweza kujikuta kinachimba duara kwenye leseni ya jirani huku kikiamini kiko kwake.

Kwa hiyo jina la mfumo liandikwe kwenye tafsiri kama lilivyo kwenye chanzo, na kama kona zimetolewa kwa mita badala ya nyuzi, kanda nayo itajwe. Geita iko kanda ya 36 kusini. Mirerani iko kanda ya 37. Unapopandisha kona kwenye programu ya ramani, chagua mfumo uliotajwa. Kona zikiwa kwa mita, kwa Arc 1960 kwenye kanda ya 36 namba yake ni `EPSG:21036`, na kwa WGS 84 ni `EPSG:32736`; zikiwa kwa nyuzi kama za mfano wetu, ni `EPSG:4210` na `EPSG:4326`. Lakini usizibadilishe kona ndani ya tafsiri. Ukitaka kumsaidia mteja apate namba za simu yake, mtengenezee karatasi tofauti yenye kichwa kinachosema imetokana na hesabu yako. Leseni inabaki na namba za leseni.

Desimali pia. Sisi nukta inatenga desimali na mkato unatenga maelfu. Anayepokea karatasi za Kongo zilizoandikwa kwa Kifaransa atakutana na kinyume chake: mraba mmoja wa madini kule ni hekta 84,955, yaani themanini na tano kasoro kidogo. Ukiuacha mkato ulivyo, msomaji wa Tanzania ataona hekta elfu themanini na nne. Hapo alama ndiyo inayotafsiriwa, namba haiguswi.

Hatua ya nne: muda

Kila muda una vitu vitatu: kiasi, mahali unapoanza kuhesabiwa, na kama siku ya mwisho imo au haimo. Wengi wetu tunatunza kiasi na kuviachia viwili vingine viende.

Sharti la 6 la cheti cha mfano linataka mpango wa dharura uwasilishwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kutolewa cheti. Cheti kina tarehe 27 Machi 2024, lakini kikundi kilikipokea mkononi tarehe 15 Aprili. Nimeona tafsiri ya sharti kama hili ikisema "ndani ya siku 30 baada ya kupata cheti". Neno "kupata" ni la kawaida, linaingia lenyewe. Ila kwa neno hilo kikundi kinahesabu kutoka 15 Aprili na kujiona kina muda hadi 15 Mei, wakati kwa cheti siku ya thelathini ni 26 Aprili. Andika "tangu tarehe ya kutolewa", na kama chanzo kinasema kupokea, andika "tangu tarehe ya kupokea". Kama kinasema kuanza kwa mradi, na hakuna mahali panapoeleza mradi unaanza lini, acha hivyo hivyo na ulipeleke kwenye maswali yako.

Usigeuze siku 30 kuwa mwezi mmoja. Katika mfano huu mwezi mmoja ungeishia 27 Aprili. Tofauti ni siku moja, na siku moja inatosha kuitwa mchelewaji. Hata hiyo 26 Aprili ina lake: ni sikukuu ya Muungano. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaiondoa siku ya tukio kwenye hesabu, na inasogeza mbele siku ya mwisho inayoangukia sikukuu. Mimi hata hivyo kwenye kalenda ya kikundi ningeandika 25 Aprili. Kalenda hiyo ni kiambatisho, na nayo iwe na kichwa chake. Tarehe ulizohesabu wewe zisiingie kamwe ndani ya sharti lenyewe.

Halafu kuna "kabla ya". Chanzo kikitumia `by` na tarehe 31 Januari, siku hiyo imo. "Kabla ya 31 Januari" inaitoa. Andika "si zaidi ya tarehe 31 Januari". Pale chanzo chenyewe kinaposema kabla, ndipo uandike kabla. Na "hadi" ikibeba tarehe ya mwisho ya ruhusa, ongeza "siku hiyo ikiwemo" endapo chanzo kinaonyesha imo.

Tarehe zenyewe ziandikwe kwa jina la mwezi. 03/04/2024 kwetu ni Aprili, kwa mshauri aliyesoma Marekani ni Machi.

Mara mbili kwa mwaka na kila baada ya miaka miwili, kwa Kiingereza ni maneno yanayofanana kama mapacha: `biannual` na `biennial`. Yasome herufi kwa herufi. Ukibaki na shaka, linganisha na jedwali la ufuatiliaji lililo nyuma ya cheti, ambalo mara nyingi linaonyesha idadi ya ripoti. Na ripoti za kila robo mwaka hazina maana moja. Robo inaweza kuanza Januari, Julai, au siku cheti kilipotolewa. Chanzo kisiposema, andika "kila robo mwaka" na uulize.

Mwisho ni saa. Sharti la ulipuaji linaruhusu baruti kati ya `10:00` na `16:00`. Ukinakili tarakimu na kuweka "saa" mbele, umeandika "kati ya saa 10:00 na saa 16:00". Mchimbaji anasoma saa kumi, ya jioni, ambayo ndiyo saa ambayo baruti inatakiwa iwe imeshakoma na watoto wanarudi shule. Andika "kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 10:00 jioni", kisha kwenye mabano rudishia tarakimu za chanzo kama zilivyo, ili afisa anayelinganisha asitilie shaka.

Hatua ya tano: makabidhiano

Namba za masharti zibaki zile zile, hata kama sharti la 9 lina vipande vitatu ambavyo ungetamani kuvitenganisha. Afisa akisema "mmevunja la 9(b)", kikundi kifungue nakala yake na kulikuta 9(b). Juu ya ukurasa wa kwanza andika kwamba hii ni tafsiri, na taja lugha ya nakala iliyosainiwa.

Sasa litoe lile jedwali la safu tano ulilolijaza kutoka kwenye chanzo. Mpe mtu ambaye hajaona Kiingereza tafsiri yako pekee, umwombe ajaze jedwali tupu la aina hiyo hiyo. Yalinganishe mstari kwa mstari. Katika kazi ya Geita, aliyejaza alikuwa katibu wa kikundi. Kwenye sharti la mita 60 kutoka mtoni, umbali ambao ndani yake sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira, safu ya "afanye nini" aliandika: "kupima mita 60 kutoka katikati ya mto." Nilikuwa nimeandika "kutoka mtoni" tu. Nikarudi kwenye chanzo, kilisema ukingo. Nikaongeza neno.